Muhtasari wa LinkedIn kwa mwanafunzi anayetafuta mafunzo kazini: kutoka rasimu ya kwanza hadi unaojibiwa

Kwa misimu kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanaochuja wanafunzi wanaoomba mafunzo kazini kwenye timu ya uchambuzi wa data. Nafasi huwa mbili au tatu, na waombaji ni wengi kiasi kwamba mtu akichoka hapa katikati huanza kuruka. Ninachotaka kueleza ni kile kisehemu kinachoitwa "About" kwenye LinkedIn, yaani muhtasari. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa tatu, ambaye hajawahi kuajiriwa popote na anataka kuingia kwenye uchambuzi wa data. Nimechagua fani hiyo kwa sababu ndiyo ninayoijua, na pia kwa sababu ina ushindani ambao hauvumilii maneno matupu.

Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza, kama alivyoniletea:

> Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, ari na shauku kubwa ya data. Ninapenda kujifunza mambo mapya, ninaweza kufanya kazi peke yangu na katika timu, hata chini ya shinikizo. Natafuta fursa itakayonijenga kitaaluma katika kampuni yenye sifa.

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba ukiondoa neno "data", mwanafunzi wa uhasibu, uuguzi au ualimu anaweza kuichukua kama ilivyo akaitumia. Mimi nikiisoma sipati kitu cha kumuuliza. Na nikikosa cha kumuuliza, sina sababu ya kumwita.

Kwanza, ujue muhtasari unasomwa wakati gani

Wengi huandika muhtasari kana kwamba ndicho kitu cha kwanza kuonekana. Sicho. Afisa ajira anapotafuta watu, anaandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, na orodha inayotokea humwonyesha jina, picha, na ule mstari mfupi ulio chini ya jina, "Headline". Muhtasari anaufikia akishabofya. Kwa hiyo mstari ule ndio mlango, na muhtasari ni chumba kilichoko nyuma yake.

Usipougusa, mara nyingi LinkedIn yenyewe huujaza kutokana na elimu uliyoandika, ukabaki ukisema tu kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo fulani. Una nafasi ya herufi 220, lakini kwenye orodha ya matokeo huonekana kipande cha mwanzo tu, basi tanguliza yale yanayotafutwa. Mwanafunzi wetu aliishia na huu:

> Mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa 3 | SQL, Excel, R | Natafuta mafunzo kazini ya uchambuzi wa data, Juni hadi Agosti

Faida yake ni kwamba sasa muhtasari umetuliwa mzigo. Hauna haja ya kuanza na "natafuta", kwa sababu aliyebofya tayari anajua unatafuta nini na lini.

Muhtasari wenyewe una kikomo cha herufi 2,600, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Lakini msomaji hauoni wote kwa mara moja. Huona mistari michache, kisha maandishi yanakatwa na neno la kubofya ili kuendelea. Ukatwaji huo hutegemea ukubwa wa skrini, na kwenye simu huja mapema zaidi. Mimi huwaambia wanafunzi waandike kana kwamba wamepewa herufi 260 za bure, na kila kinachofuata msomaji anakilipia kwa kubofya.

Kusanya kabla ya kuandika

Hatua hii huchukua jioni mbili, na ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka.

Jioni ya kwanza ni ya matangazo. Tafuta matangazo 12 hivi ya nafasi unayoitaka hasa, si ya "kazi za teknolojia" kwa ujumla. Yasome yote, na kila ujuzi au kazi inayotajwa iandike kwenye karatasi, ukipiga kistari kila inaporudi. Mwanafunzi wetu alipofanya hivyo, SQL ilitokea kwenye matangazo 10, Excel kwenye 9, utengenezaji wa dashibodi kwenye 7, Python kwenye 6. R, ambayo ndiyo waliyofundishwa darasani kwa miaka miwili na ambayo alikuwa ameiweka mbele ya kila kitu, ilitokea kwenye 2 tu.

Hilo lilimuuma kidogo. Alidhani sasa inabidi ajifanye mtu wa Python. Sivyo. Orodha ile haikuagizi ujuzi wa kudai. Inakuonyesha ni ujuzi upi kati ya ulio nao utangulie. SQL alikuwa anaijua kwa sababu ya kazi moja aliyoifanya nje ya darasa, lakini alikuwa ameizika mwisho kabisa. Tukaipandisha. R ikabaki, nyuma yake.

Kipimo changu cha kudai ujuzi ni hiki: ukifunguliwa skrini tupu, ukapewa jedwali usilolijua na swali dogo, unaweza kufanya kazi kwa dakika kumi bila kutazama pembeni? Kama ndiyo, andika kwamba unautumia. Kama umetazama video tu, andika kwamba unajifunza, au uache kabisa. Kwenye usaili wa fani hii skrini tupu ni jambo la kawaida, na mtu aliyeandika "mahiri" akakwama kwenye kuunganisha majedwali mawili hupoteza hata yale aliyokuwa anayajua kweli, kwa kuwa anayemsikiliza ameshaanza kushuku kila kitu.

Jioni ya pili ni ya ushahidi wako. Andika kila kazi uliyowahi kuifanya iliyogusa fani hiyo: mradi wa darasa, kumsaidia mhadhiri, hesabu za klabu, kazi ya kujitolea. Kwa kila moja jibu kwa maandishi: nani alikuwa na swali, data ilitoka wapi na ilikuwa na ukubwa gani, nini kilikwamisha, wewe hasa ulifanya nini, na baada ya hapo kilibadilika nini. Usiandike kwa ufundi, andika kama unamsimulia rafiki.

Mwanafunzi wetu alikuwa na kazi nne. Tatu zilikuwa za darasani, zenye data iliyokwisha kusafishwa na jibu ambalo mwalimu alilijua tangu mwanzo. Ya nne aliitaja kwa aibu: "kuna wakati niliwasaidia maktaba". Nikamuuliza kuwasaidia nini. Ndipo ikatoka hadithi nzima: mkutubi alikuwa amechoshwa na malalamiko ya vitabu kukosekana wakati rafu zimejaa, akampa kumbukumbu za uazimaji za miaka miwili aone kama kuna kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi halisi kuliko zote, na kwenye rasimu ya kwanza haikuwemo hata kwa neno moja.

Nimeliona hili mara nyingi. Wanafunzi hudhani kazi isiyo na alama wala malipo si kazi, wakati kwa mwajiri ni kinyume. Data iliyotoka kwa mtu mwenye shida, ikiwa chafu, bila jibu lililofichwa mahali, inafanana zaidi na kile utakachokutana nacho ofisini.

Na kama huna kabisa? Basi usianze kuandika muhtasari, fanya kwanza kazi moja. Majuma mawili au matatu yanatosha. Benki ya Dunia imeacha data zake wazi kwa umma tangu mwaka 2010, na ziko nyingi za kuchezea. Ila kuwa na swali lako mwenyewe. Ukichukua data ya abiria wa Titanic iliyoko Kaggle, ile yenye mistari 891 ya kufundishia modeli, fahamu kwamba anayekusoma ameshaiona kwa wanafunzi wengi sana, na hata majibu yake anayakumbuka. Ni nzuri ya kujifunzia, lakini kwenye muhtasari haikutofautishi na mtu.

Herufi 260 za mwanzo

Sasa kuandika. Mwanzo wa muhtasari ubebe vitu viwili: unafanya nini, kwa kitenzi, na thibitisho moja. Mwanafunzi wetu aliandika mianzo sita. Huu ndio uliobaki:

> Nasafisha data chafu na kuigeuza kuwa jibu ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. Mwaka huu nilichambua kumbukumbu 18,400 za vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya chuo. Matokeo yake maktaba ilipunguza muda wa kuazima vitabu 40 vinavyogombaniwa kutoka siku 14 hadi 7.

Ni kama herufi 260. Angalia kwamba hakuna hata sifa moja ya tabia. Bidii haikutajwa, lakini mtu aliyepitia kumbukumbu 18,400 kwa hiari yake haitaji kuitaja. Angalia pia kwamba sentensi ya tatu inaeleza kitu alichokifanya mtu mwingine: maktaba ilibadilisha utaratibu. Kwenye uchambuzi wa data hapo ndipo penye uzito. Grafu nzuri ambayo haikumfanya yeyote abadili chochote ni pambo.

Kulikuwa na toleo jingine kabla ya hili, na alilipenda kuliko hili. Lilisema: "nilipunguza uhaba wa vitabu kwa asilimia 40". Nikamuuliza, uliupimaje uhaba kabla, na uliupimaje baada? Akanyamaza. Ile 40 ilikuwa idadi ya vitabu vilivyobadilishiwa muda, na kichwani mwake ilikuwa imeteleza ikawa asilimia. Hakukusudia kudanganya. Ndivyo namba zinavyofanya zinapotoka kwenye daftari kwenda kwenye kujinadi. Kwa hiyo kila asilimia unayotaka kuiandika, iulize: asilimia ya nini, kati ya ngapi, nani aliipima? Ikikosa jibu moja, rudi kwenye hesabu ghafi. "Vitabu 40" haina makeke, lakini hakuna wa kuitikisa.

Hadithi ya kazi moja

Sehemu ya kati ndiyo inayoamua, na hapa wengi hutaka kuweka miradi mitano, kila mmoja sentensi moja. Nashauri mmoja, uliosimuliwa ukaisha. Msomaji akiona unavyofikiri ndani ya kazi moja, atakisia unavyofikiri kwenye nyingine. Miradi mingine ina mahali pake kwenye wasifu, si lazima ijazane huku.

Aliandika hivi:

> Swali lilitoka kwa mkutubi: kwa nini wanafunzi wanakosa vitabu wakati rafu zimejaa? Nilipewa kumbukumbu za miaka miwili, majina ya wasomaji yakiwa yameshaondolewa. Kwa SQL niliondoa mistari 2,100 iliyoingizwa mara mbili, kisha nikaona kwamba vitabu 60 kati ya 3,200 vilibeba karibu theluthi moja ya uazimaji wote. Nilipanga matokeo kwenye Excel ili wakutubi wayasasishe wenyewe. Sikupata nafasi ya kupima hali baada ya mabadiliko. Nikirudia kazi hii, hapo ndipo nitakapoanzia.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kila sentensi ina kazi.

Ile ya mistari 2,100 ndiyo iliyonivutia mimi. Mtu asiyewahi kugusa data halisi hajui kuwa kuna mistari inayorudiwa. Nilipomuuliza ilitokeaje, alieleza kuwa msomaji akiongeza muda wa kitabu, mfumo ulikuwa unaandika uazimaji mpya pamoja na ule wa awali. Alijuaje? Aliona tarehe ya kurudisha ya mstari mmoja ni ileile ya kuazima ya mstari unaofuata, msomaji yuleyule kwa namba iliyowekwa badala ya jina lake, kitabu kilekile. Maelezo hayo yote hayakuingia kwenye muhtasari, na hayakupaswa kuingia. Yalitosha kuwepo nyuma ya sentensi, yakisubiri kuulizwa. Ukiona sentensi yako haina chochote nyuma yake, ifute.

Namba nazo lazima zisalimiane. Mtu wa fani hii hupiga hesabu kichwani anaposoma, hata bila kutaka. Kumbukumbu 18,400 ukitoa 2,100 zinabaki 16,300. Theluthi yake ni kama 5,400. Ukigawa kwa vitabu 60, kila kimoja kimeazimwa kama mara 90 kwa miaka miwili. Nakala moja ikiazimwa kwa siku 14 mfululizo bila kupumzika, haiwezi kutoka zaidi ya mara 52 kwa muda huo. Basi kila kitabu kati ya hivyo, kwa wastani, kilihitaji walau nakala mbili zilizokuwa nje ya rafu karibu muda wote. Inaingia akilini: ndiyo sababu watu walilalamika. Laiti angeandika vitabu 6 badala ya 60, hesabu ingetoa mara 900 kwa kila kimoja, na mimi ningejua ama amekosea ama amebuni.

Sentensi ya majina kuondolewa ni fupi lakini usiiache kama data yako ilihusu watu. Inamwambia mwajiri kwamba unajua kuna kitu kinaitwa faragha, na kwamba ukipewa data za wateja wake hutazimwaga. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kutaja kazi ya namna hii omba ruhusa ya mwenye data, hata kwa barua pepe ya mistari miwili.

Sentensi ya mwisho, ile ya kukiri kwamba hakupima baada ya mabadiliko, aliiogopa. Mimi nilimsihi aiache. Kukiri mpaka wa kazi yako ni tabia ya mchambuzi, na ni nadra kuiona kwa mwanafunzi. Lakini iwe moja tu, na iwe ya kazi, isiwe ya nafsi. "Sina uzoefu mkubwa" si mpaka wa kazi, ni kuomba msamaha.

Kuna jambo la kiambishi pia. Kama kazi ilikuwa ya kundi, chunga "ni" na "tu". Nimewahi kusoma wasifu wa wanafunzi wanne wa kundi moja siku hiyohiyo, na wote wanne wakasema "nilijenga" mfumo uleule. Sikujua nani nimwamini, na nadhani angalau mmoja wao alikuwa mkweli. Andika: "Kundi letu la watu wanne tulijenga kitu fulani, mimi nilishughulikia kipande fulani." Hakuna anayekushushia thamani kwa kufanya kipande.

Ujuzi, kisha unachotaka

Sehemu hizi mbili ni fupi. Hizi hapa:

> Natumia SQL na Excel kila wiki, na R kwa kazi za takwimu. Python ndiyo naanza kujifunza.
>
> Natafuta mafunzo kazini ya uchambuzi wa data, Juni hadi Agosti, ofisini au kwa mbali, hasa kwenye timu inayoshughulika na data za huduma au za wateja. Niandikie hapa LinkedIn au kwa barua pepe iliyo hapa chini.

Majina ya zana yaandike kama yanavyoandikwa kwenye matangazo, maana ndivyo yanavyotafutwa. Usirundike zana 20. Anayezijua 20 katika mwaka wa tatu haaminiki. Miezi itaje, kwa kuwa timu nyingi hupanga nafasi kwa msimu, na mtu asiyesema lini anapatikana huwekwa pembeni "tutamuuliza baadaye", halafu hakuna anayemuuliza. Kutaja aina ya timu unayoipendelea kunakupunguzia milango michache, lakini yule anayeshughulika na jambo hilo hasa atahisi umemwandikia yeye.

Barua pepe iwe ya kazi, tofauti na ile unayoitumia kila mahali. Namba ya simu usiweke. Ukitangaza kwamba unatafuta nafasi, watakuja pia matapeli wanaojiita maofisa ajira, na dalili yao kubwa ni kuomba malipo ya "usajili" au "vifaa" kabla ya usaili. Mwajiri wa kweli hakutozi chochote ili akupe mafunzo.

Muhtasari wote, ukiunganisha, ulifika kama herufi 1,050, chini ya nusu ya nafasi iliyopo. Hakuna deni la kuijaza.

Lugha gani?

Andika kwa lugha ya matangazo uliyoyasoma. Kama yote 12 yalikuwa kwa Kiingereza, muhtasari wa Kiswahili hautapatikana kwenye utafutaji, hata uwe mzuri vipi. Lakini rasimu ya kwanza iandike kwa lugha unayofikiria. Mwanafunzi akianza moja kwa moja kwa lugha ya ofisini, vidole vyake humletea yale mafungu yaliyokaririwa ya bidii na shauku. Akisimulia kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, mkutubi na rafu zilizojaa vinajitokeza vyenyewe. Kisha simulia upya kwa lugha nyingine, bila kufasiri neno kwa neno. LinkedIn pia inaruhusu wasifu mmoja kuwa na toleo la pili kwa lugha nyingine kati ya zilizomo kwenye orodha yake.

Kuupandisha bila kuuharibu

Kisanduku cha "About" hakina herufi nzito wala vichwa. Watu huzunguka hilo kwa kunakili "herufi nzito" kutoka tovuti fulani. Usifanye hivyo. Zile si herufi za kawaida zilizonenepeshwa. Ni alama za kihisabati zinazofanana na herufi. Programu zinazowasomea wasioona huzisoma ovyo au kuziruka, na anayetafuta neno SQL anaweza asikupate kwa sababu kwa mashine hukuliandika. Acha mstari mtupu kati ya aya na aya, basi.

Kiungo ukikibandika kwenye muhtasari hubaki maandishi tu, hakibofyeki. Kama una ukurasa wa mradi, uweke kwenye sehemu ya "Featured", iliyo karibu na muhtasari, na ndani ya muhtasari taja tu kwamba uko pale. Kabla ya hapo fungua kiungo kwenye dirisha la siri la kivinjari, ambako hujaingia na akaunti yako. Nimekwisha bofya viungo vingi vilivyonidai ruhusa ya kuingia, na sikumbuki kama niliwahi kuiomba.

Kwenye mpangilio wa "Open to work" unaweza kuchagua wakuone maofisa ajira tu au kila mtu, na ukichagua kila mtu picha yako huvikwa ile duara ya kijani. Kwa mwanafunzi sioni ubaya wa duara. Hakuna bosi wa kumficha.

Jaribu, kisha soma namba

Mpe simu mtu asiye wa fani yako, muhtasari ukiwa umefunguka pale juu kabla ya kubofya. Hesabu sekunde kumi, chukua simu. Muulize: huyu anafanya nini, amewahi kufanya nini, ungependa kumuuliza nini? Swali la tatu ndilo la maana. Dada wa mwanafunzi wetu alijibu: "Ningemuuliza ni vitabu gani hivyo." Tulijua tumefika.

Baada ya hapo upe muhtasari wiki tatu. LinkedIn hukuonyesha ni mara ngapi umetokea kwenye matokeo ya utafutaji na ni watu wangapi wamefungua wasifu wako. Kwa mwanafunzi namba hizi huwa ndogo, kwa hiyo usiruke kwa furaha ikipanda kutoka 5 hadi 9. Tazama uhusiano wake. Hutokei kabisa kwenye utafutaji? Tatizo liko kwenye maneno: mstari wa chini ya jina na ujuzi uliotajwa havifanani na matangazo. Unatokea lakini hawafungui? Muhtasari hauna kosa hapo, maana hawajaufikia. Rudi kwenye mstari ule na picha. Wanafungua lakini hawaandiki? Hapo ndipo muhtasari unaposhitakiwa, na mara nyingi kosa liko kwenye sentensi mbili za mwanzo au kwenye tarehe isiyotajwa.

Mwanafunzi wetu, katika wiki ya pili, alikuwa anatokea na kufunguliwa, lakini kimya. Tulipopitia upya tukagundua kwamba kwenye kunakili ile sentensi ya miezi ilidondoka. Akairudisha. Ujumbe wa kwanza aliopata ulikuwa na swali moja tu: aliijuaje mistari ile 2,100 kuwa imerudiwa?